Jiwe Zito na Jiwe Jepesi: Kweli au Si Kweli?

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa vikundi vya maji. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali ya wanachama.)

Leo hatukuja na daftari la hesabu za kikundi. Tumekuja na mawe mawili, karatasi mbili, kitabu na ubao mmoja. Vikundi vingi hapa vinachimba visima au vinajiandaa kuchimba, na kazi ya kisima ni kazi ya vitu vinavyoshuka na vitu vinavyopanda. Ndoo hupanda, sururu hushuka, na mara nyingine jiwe hushuka bila kutumwa na mtu. Kwa hiyo tuliona ni vizuri tuulizane maswali machache juu ya vitu vinavyoanguka. Sisi tutasema neno, nanyi mtajibu kwa kuinua mkono, kweli au si kweli. Asiyejua asione haya, kwa sababu hata wasomi wakubwa walikosea hapa kwa muda mrefu.

Neno la kwanza ni hili. Ukiangusha jiwe zito na jiwe jepesi pamoja, kutoka mahali pamoja, jiwe zito litafika chini kwanza. Kweli au si kweli?

Tumeona mikono. Karibu ukumbi wote umesema kweli. Mzee aliyekaa pale mbele ameinua mikono yote miwili! Haya, tujaribu kabla ya kubishana.

Hili hapa ni jiwe kubwa kuliko ngumi, na hili ni kokoto dogo la barabarani. Tungeweza kuyashika mikononi na kuyaachilia, lakini mkono una hila yake. Mkono ulioshika kitu kizito umekikaza sana, kwa hiyo huchelewa kidogo kufunguka. Wengine wakijaribu hivyo huona kokoto likitangulia, wakashangaa bure. Njia nzuri ni kuyaweka mawe yote mawili ukingoni mwa ubao, kuuinua ubao juu ya kichwa, kisha kuuinamisha ghafla ili yatoke pamoja. Msiangalie kwa macho tu, sikilizeni pia. Chini tumeweka bati ili tusikie mshindo.

Mmesikia mishindo mingapi? Mmoja. Turudie. Bado ni mmoja. Wale wenye simu za kupiga video wanaweza kupiga, halafu waitazame polepole nyumbani, wataona mawe yakishuka bega kwa bega. Basi jibu ni si kweli.

Mama mmoja ametuuliza, mbona hata mtoto anajua kwamba ardhi inavuta kitu kizito zaidi? Ukikibeba unasikia! Mama, umesema ukweli mtupu. Dunia huvuta jiwe kubwa kwa nguvu zaidi kuliko kokoto. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu husahau. Kitu kizito ni kigumu kuanzishwa mwendo. Fikirini mkokoteni. Mkokoteni wenye magunia mawili ukisukumwa na mtu mmoja utaanza kwenda kwa kadiri fulani. Mwingine wenye magunia manne, ukisukumwa na watu wawili wenye nguvu sawa na yule, utaanza kwenda kwa kadiri ile ile. Nguvu imeongezeka mara mbili, lakini mzigo pia umeongezeka mara mbili. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mawe. Jiwe lenye uzito mara kumi linavutwa mara kumi, na uvivu wake wa kuanza mwendo ni mara kumi pia. Yote mawili yanatoka sawa.

Tulisema hata wasomi walikosea. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita palikuwa na mwalimu mkuu wa Wagiriki, Aristoteli, ambaye alifundisha kwamba kitu kizito huanguka haraka kwa kadiri ya uzito wake. Watu walimheshimu sana, na wengi wakayapokea mafundisho hayo bila kupanda mahali na kuangusha mawe. Si wote. Hapa Afrika, katika mji wa Iskandaria kule Misri, karibu miaka 1,500 iliyopita, alikuwako msomi aitwaye Yohana Filoponus. Yeye aliandika kwamba ukiangusha vitu viwili ambavyo kimoja kinakizidi kingine uzito mara nyingi, tofauti ya kufika chini ni ndogo sana. Halafu huko Uholanzi, Simon Stevin na rafiki yake waliangusha mipira miwili ya risasi, mmoja mzito mara kumi kuliko mwingine, kutoka urefu wa futi 30. Waliiangushia juu ya ubao ili wasikie, kama sisi na bati letu, na Stevin aliandika mwaka 1586 kwamba walisikia kama mshindo mmoja.

Wengi wenu mliofika shule mmesikia habari ya Galileo wa Italia na mnara ulioinama wa Pisa. Habari hiyo iliandikwa na mwanafunzi wake, na wanahistoria wengi wana shaka kama Galileo alipanda mnara kweli. Sisi tunapenda zaidi hoja yake, ambayo haihitaji mnara wowote. Alisema hivi: tuseme jiwe zito ni la haraka na jiwe jepesi ni la polepole. Sasa yafunge kwa kamba. Lile la polepole litalizuia la haraka, kwa hiyo yataanguka polepole kuliko jiwe zito likiwa peke yake. Lakini ngoja! Mawe mawili yaliyofungwa pamoja ni mazito kuliko lile moja, kwa hiyo yanapaswa kuanguka haraka zaidi. Haiwezekani yawe haraka zaidi na polepole zaidi kwa wakati mmoja. Njia ya kutoka katika fumbo hili ni moja tu, kwamba uzito hauongezi mwendo.

Sasa neno la pili. Unyoya wa kuku huanguka polepole kwa sababu ni mwepesi. Kweli au si kweli?

Hapa mikono imepungua, naona watu wameanza kutuogopa. Tazameni karatasi hizi mbili. Zimetoka daftari moja, uzito wake ni sawa. Hii moja tunaikunja mpaka iwe kama kidonge, nyingine tunaiacha ilivyo. Tunaziachilia. Ile ya kidonge imefika, na ile pana bado inayumbayumba kama mlevi. Uzito haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni umbo, na kinachoichelewesha ile pana ni hewa. Hewa haionekani lakini ipo, na kila kitu kinachoshuka lazima kiisukume pembeni. Karatasi pana ina hewa nyingi ya kusukuma na nguvu ndogo ya kusukumia. Basi tukisema unyoya unachelewa kwa sababu ni mwepesi, tumesema nusu. Unachelewa kwa sababu ni mwepesi na pia mpana, na hewa ipo. Hewa ikiondolewa, wepesi wake hautamchelewesha mtu.

Mkitaka kujua hivyo hapa hapa, chukueni karatasi ndogo kuliko kitabu, muiweke juu ya kitabu, isitokeze pembeni. Achilieni kitabu kikiwa kimelala. Karatasi itashuka na kitabu mpaka chini bila kubaki nyuma, kwa sababu kitabu kimeifungulia njia katika hewa. Watoto hupenda sana mchezo huu.

Jambo hili lilijaribiwa pia mahali pasipo hewa kabisa. Mwaka 1971, tarehe 2 Agosti, mwanaanga Mmarekani David Scott alisimama juu ya mwezi, mkono mmoja nyundo na mkono mwingine unyoya wa ndege aina ya kozi. Nyundo ilikuwa na uzito wa kilo moja na zaidi, na unyoya ulikuwa gramu chache mno. Akaviachilia pamoja mbele ya kamera. Vilishuka taratibu, kwa kuwa mwezi huvuta kwa nguvu ndogo kuliko dunia, lakini vilifika pamoja. Filamu yake ipo na hadi leo watu wanaitazama.

Kijana pale nyuma ametukamata. Anasema: kama ni hivyo, kupepeta kunafanyaje kazi? Mama akirusha mtama kwenye ungo, makapi huenda na upepo na mtama hurudi. Si hapo kizito na chepesi vimeachana?

Swali zuri. Vimeachana, lakini aliyeviachanisha ni hewa. Kapi ni jepesi na limetandazika, kwa hiyo hewa inalishika. Punje ni nzito na imefungamana, hewa haiiwezi. Siku isiyo na upepo kabisa mama hulazimika kupuliza kwa mdomo, au angoje. Na angalieni maharagwe. Kijiwe chenye ukubwa na umbo la haragwe ni kizito kuliko haragwe, hata hivyo upepo haukiachanishi na maharagwe. Mpaka akina mama wakae chini wachambue kwa vidole, tena wakikosea anayejua ni jino.

Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa, ukitwambia matone makubwa ya mvua huanguka haraka kuliko manyunyu, tutasema kweli. Tone kubwa la mvua ya masika hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 9 kila sekunde, na nyunyu ni mita 2 au chini ya hapo. Matone yametoka mbali, hewa imepata nafasi ya kufanya kazi yake. Ndiyo maana mvua kubwa hupasua udongo ulio wazi na manyunyu hayaupasui. Kwa mawe ya kisimani, hewa haina nafasi hiyo. Kisima ni kifupi na jiwe limefungamana. Tunaweza kusahau hewa tukihesabu.

Na sasa tumefika kisimani, ambako ndiko tulikokuwa tunakwenda tangu mwanzo. Neno la tatu: kijiwe kidogo kikianguka kisimani hakiwezi kumdhuru mchimbaji, maana ni chepesi, kinashuka polepole. Kweli au si kweli?

Tukieleza yaliyotokea kwa kikundi kimoja tunachokijua, mtajibu wenyewe. Walikuwa wamefika mita 12. Mchimbaji alikuwa chini, wawili wakivuta ndoo kwa kapi, na watu wengine wamesimama ukingoni wakitazama. Udongo uliotolewa walikuwa wameurundika karibu na mdomo wa shimo. Mara kwa mara vijiwe viliteleza vikaingia. Mchimbaji alipiga kelele mara mbili, wakamjibu kwamba ni changarawe tu, asiwe mwoga. Mara ya tatu lilishuka jiwe la kadiri ya yai la kuku. Lilimpiga begani na kuuvunja mfupa wa mtulinga. Lingepita upande wa kulia kwa upana wa kiganja, lingekuwa limempiga kichwani, naye hakuwa na kofia. Alipona, lakini miezi miwili hakuinua jembe, na msimu wa kupanda ulimpita.

Tufanye hesabu ya jiwe lile. Kitu kinachoanguka huongeza mwendo wake kila sekunde kwa mita 10 hivi. Baada ya sekunde moja kinakwenda mita 10 kwa sekunde, na baada ya mbili ni mita 20 kwa sekunde. Kutoka mita 12, jiwe huchukua kama sekunde moja na nusu, na linafika likienda mita 15 kwa sekunde. Mkipenda kwa lugha ya barabara, hiyo ni kilomita 54 hivi kwa saa. Ni mwendo wa matatu iliyochanganya gia. Na sasa mnajua kwamba jiwe dogo lina mwendo ule ule wa jiwe kubwa. Udogo wake haukulipunguzia mwendo hata kidogo.

Lakini msituelewe vibaya mkasema jiwe dogo na kubwa ni sawa kwa kila jambo. Kuna neno lingine, kwamba kitu kizito kikianguka kinapiga kwa nguvu zaidi. Hilo ni kweli kabisa. Mwendo ni sawa, pigo si sawa. Hapa ndipo watu wengi huchanganya, wanaona kizito kimevunja zaidi, wakadhani kilikuja haraka zaidi. Pigo mnaweza kulipima kwa njia rahisi: chukueni uzito, mzidishe kwa urefu wa kuanguka. Jiwe la yai lina kama gramu 130. Gramu 130 kwa mita 12 ni sawasawa na kilo moja kuangushwa kutoka mita moja na nusu. Hebu mtu alale hapa, tuinue jiwe la kilo moja mpaka kifuani petu, tumwangushie kichwani. Nani anataka? Hakuna. Na bado mlisema ni changarawe tu.

Kwa hiyo udongo na mawe ya kisima humwagwa mbali. Sisi huwaambia watu wahesabu hatua tatu kutoka mdomo wa shimo, na ndani ya hatua hizo pawe pamefagiliwa kabisa, pasiwe na kitu wala mtu asiye na kazi. Mdomo wenyewe ujengewe ukingo wa mawe au matofali, ili kitu kikibiringika kikutane na ukuta. Ndoo isijazwe mpaka juu, maana ile ndoo inayopanda ndiyo hudondosha zaidi. Ikiwa inapanda, mchimbaji asimame upande wa ukuta na asiangalie juu, maana kutazama juu ni kutoa uso badala ya kofia. Kofia ngumu ya wajenzi ivaliwe, hata shimo likiwa fupi. Mita 3 tu zinatosha kulipa jiwe mwendo wa kilomita 28 kwa saa. Vyombo kama mtaimbo na sururu vishushwe kwa kamba vikiwa vimefungwa. Kofia haiwezi kumwokoa mtu kwa mtaimbo.

Neno la nne. Mtu anaweza kupima urefu wa kisima kwa kuangusha jiwe na kuhesabu. Hili ni kweli, lakini lina masharti. Angusha jiwe, hesabu sekunde mpaka usikie chubwi. Zidisha sekunde kwa sekunde, kisha zidisha kwa 5. Ikiwa sekunde 2, basi 2 mara 2 ni 4, mara 5 ni mita 20. Ikiwa sekunde moja na nusu, utapata mita 11 hivi. Bila shaka lazima kwanza mhakikishe hakuna mtu chini, na kisima kinachotumika kwa kunywa msikitupie mawe machafu.

Kuna kikundi kilichomlipa fundi kwa kila mita. Fundi alisema kisima ni mita 20. Mweka hazina alikuwa na wasiwasi, lakini hakuna aliyetaka kushuka. Wakaangusha jiwe mara tano, kijana mmoja akipima kwa saa ya simu. Walipata kati ya sekunde moja na nusu na mbili kasorobo, mara nyingi karibu na 1.7. Moja nukta saba mara moja nukta saba ni karibu 2.9, na mara 5 ni mita 14 na nusu. Wakamwita fundi, ugomvi ukataka kuanza.

Fundi alikuwa na majibu mawili, na yote mawili yana maana. Kwanza alisema jiwe limepima mpaka juu ya maji tu, wala si mpaka chini ya kisima. Ni haki yake. Pili alisema kidole cha kijana kilichelewa. Hilo nalo linawezekana, maana mtu akikosea robo ya sekunde kwenye kisima cha mita 20, hesabu hukosea kwa mita 4 au 5. Jiwe huleta shaka, haliwezi kuleta hukumu. Basi walichukua kamba ya sisal, wakafunga jiwe la kilo mbili, wakashusha mpaka kamba ikalegea. Wakaweka alama, wakavuta, wakapima kwa futi ya seremala mbele ya fundi. Kamba ilikuwa na mita 16 kamili, na sehemu yenye maji ilikuwa mita 2. Kwa hiyo jiwe halikusema uongo, na fundi alidai mita 4 ambazo hazikuchimbwa. Walikubaliana kwenye mita 16. Tangu hapo mkataba wao unasema kipimo ni kwa kamba, mbele ya wanachama watatu, kabla ya pesa kutoka.

Sasa tuchukue swali moja la mwisho. Yule mzee wa mikono miwili anasema: "Mmetuambia kizito na chepesi huanguka sawa. Mbona basi tunaambiwa hewa mbaya ni nzito na inalala chini ya kisima? Si ingekaa popote?"

Mzee, hilo tulilingoja. Kushuka kwa jiwe katika hewa na kutulia kwa hewa katika hewa nyingine ni mambo mawili. Ukimimina mafuta na maji katika chupa, maji hukaa chini na mafuta juu. Hayashindani mbio, yanasukumana kugombea nafasi, na la uzito zaidi kwa ujazo ule ule huchukua nafasi ya chini. Hewa ya kaboni dioksaidi ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida. Ikitoka kwenye udongo na miamba taratibu, na kisima hakina upepo wa kuikoroga, inaweza kujaa chini kama maji yasiyoonekana. Kwa hiyo hapo wanaosema hewa mbaya hulala chini wamesema kweli.

Lakini wasikae raha. Wengi huongeza kwamba ukishusha taa na ikaendelea kuwaka, kisima ni salama. Hilo ni si kweli, na limeua watu. Taa ikizimika, hewa ni mbaya na mtu asishuke, hapo hakuna mjadala. Ikiwaka, imekuambia tu kwamba oksijeni ipo ya kutosha moto. Haisemi lolote juu ya kaboni monoksaidi, ile hewa inayotoka kwenye injini ya petroli na jiko la makaa. Hiyo haina harufu wala rangi, na uzito wake ni karibu sawa na hewa ya kawaida, kwa hiyo haingoji kulala chini, huchanganyika kisima kizima. Sehemu 3 tu katika sehemu 1,000 za hewa zaweza kuua mtu kwa nusu saa, na taa itakuwa inawaka vizuri kabisa. Kwa hiyo pampu ya petroli haishushwi kisimani hata kwa dakika chache, wala haiwekwi mdomoni mwa shimo mahali moshi unaporudi ndani. Na shimo lenye harufu ya mafuta au lililo karibu na choo, msilishushie moto wowote, maana huko kunaweza kuwa na hewa inayolipuka.

Mchimbaji avae mkanda wa kamba mwilini tangu anaposhuka, na ncha nyingine ishikwe juu na watu wawili wenye nguvu. Akisema kichwa kinamzunguka, au akinyamaza mkimwita, mvuteni. Mtu wa pili asishuke kumfuata kwa huruma, kwa sababu hewa iliyomwangusha wa kwanza bado iko pale pale. Kabla ya kazi kila asubuhi pulizieni hewa mpaka chini kwa feni na bomba refu. Wengine hupandisha na kushusha tawi lenye majani. Linakoroga kidogo, lakini kwa kisima kirefu halitoshi.

Ubao na bati tunawaachia hapa, karibu na mlango. Mzee amesema anataka kujaribu tena kwa mawe yake mwenyewe, aliyoyachagua yeye.